Ng'ombe Aliyekosa Uzito

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba wanyama akampa kila mmoja mwendo wake: yupo atambaaye kwa tumbo, yupo aendaye kwa miguu miwili, na yupo aendaye kwa minne. Namshukuru kwa kuniachia macho na masikio mpaka umri huu, nikajifunza jambo lililokuwa mbele yangu siku zote nami sikulijali.

Nimesomesha chuo cha Qurani Msambweni kwa muda mrefu wa maisha yangu, na karibu muda huo huo nilikuwa mchinjaji. Baada ya sala ya alfajiri nilikwenda machinjioni, na jua likishapanda nilikuwa nimeoga, nimebadili kanzu, niko mbele ya wanafunzi. Kwa hiyo ng'ombe namjua kwa ndani. Nimemkata kiungo kwa kiungo mara nyingi mno. Ila kumjua anavyokwenda mbio, hilo nilikuja kufundishwa uzeeni, na aliyenifundisha ni mwanangu.

Binti yangu wa mwisho alifanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja kule Galu. Akaiacha. Akakodi chumba Ukunda, ghorofa ya kwanza, chini yake kuna duka la saruji na mabati, akaanza kutengeneza katuni pamoja na mwenzake, kijana wa bara mwenye miaka thelathini hivi, fundi wa kuchora kuliko ninavyoweza kueleza. Nikisema katuni nakusudia zile picha zinazotembea kwenye runinga, ambazo kila sekunde moja zinapita picha ishirini na nne, na kila picha lazima mtu akae aipange.

Sitaficha kwamba nilikuwa na mashaka. Sisi tuliosoma vitabu vya fiqhi tunajua yaliyosemwa kuhusu kuchora viumbe vyenye roho, na tunajua pia kwamba wanazuoni hawakusimama mahali pamoja katika jambo hilo. Nilimuuliza mwenzangu mmoja ninayemwamini, akanijibu kwa upole, nikanyamaza. Lakini moyoni nilikuwa nikisema, heri angebaki hotelini, ana kiti chake, ana saa zake za kutoka, anajulikana yuko wapi.

Mwaka wa pili wa kazi hiyo walipata jaribio. Watu fulani wa Nairobi wanaotengeneza hadithi za watoto walitaka hadithi sita za Pwani, na kabla ya kumpa mtu kazi yote walitaka waone kipande kimoja kifupi: fahali amekatika kamba, anakimbia katikati ya kijiji, watu wanapisha. Wakikipenda, chumba cha Ukunda kina kazi ya mwaka mzima. Wasipokipenda, binti yangu alikwisha kunambia mwenyewe:

"Baba, nitarudi Galu. Wana nafasi, wamenishikia mpaka mwisho wa mwezi. Nishawaambia nitawajibu."

Mimi niliingia katika habari hii kwa sababu ya sauti. Walitaka msimulizi awe mzee anayezungumza Kiswahili cha huku kwetu, basi binti yangu akaona kwa nini atafute mbali. Nikapanda ngazi zile kwa taratibu, nikakuta chumba chenye madirisha yaliyozibwa kwa magodoro ili kelele za barabara zisiingie, na huko chini watu wanapakia mabati. Kila bati likianguka, tunasimamisha kurekodi, tunangoja.

Katika kungoja huko ndipo waliponionyesha fahali wao. Alikuwa mzuri, mashallah. Rangi ya udongo mwekundu, nundu imesimama, pembe fupi, na ile ngozi ya shingoni inaning'inia. Binti yangu akabonyeza, fahali akakimbia. Alikimbia pale pale mahali pamoja, kwa sababu walikuwa wametengeneza mzunguko mmoja wa miguu tu, picha kumi na mbili, zikifika mwisho zinaanza tena, nao ndio wautumie kote.

"Unamwonaje, Baba?"

Nikatazama kitambo. Nikasema, "Mashallah. Huyu anaruka."

Wakacheka wote wawili kwa furaha, wakapeana mikono. Kijana akasema, "Mzee ameshaapprove! Leo tunatuma."

Wakatuma siku ile ile. Nami nikarudi Msambweni nikiwa nimeridhika.

Baada ya siku tatu nikapanda tena zile ngazi kumalizia kusoma hadithi yangu. Kijana hakuinua macho. Binti yangu akanipa simu nisome ujumbe uliotoka Nairobi. Ulikuwa mfupi na wenye adabu. Ulisema rangi ni nzuri, uso ni mzuri, lakini ng'ombe hana uzito. Anaelea. Wakapewa siku kumi kutuma tena, na baada ya hapo kazi itapelekwa kwa wengine.

"Lakini Baba," akasema binti yangu, "si wewe ulisema anaruka? Nikaona, kama wewe uliyeishi na ng'ombe maisha yako yote umeridhika, nani tena atakataa?"

"Nilisema anaruka, ndiyo."

"Basi?"

"Anaruka mwanangu. Kama ndege. Nilidhani ndivyo mlivyotaka, ni katuni. Katika katuni nimeona hata sufuria zinaruka."

Kijana akashika kichwa kwa mikono miwili. "Ai, Mzee! Mimi nilijua unasema anajump!"

"Kiswahili chetu ni kimoja hicho hicho," nikamwambia. "Kunguru huruka na mbuzi huruka."

"Si ungesema anapaa, basi!"

"Wewe si ungeuliza."

Binti yangu akacheka, lakini kicheko chake kilikatika katikati, akageuka akatazama dirisha lililozibwa. Nikaona aibu. Neno moja nimelitia kwa wepesi, nao wamelibeba kama fatwa. Nikaketi. Nikasema, "Nionyesheni tena, na sasa nitasema yote."

Wakanionyesha taratibu, picha baada ya picha. Nikauliza waliutoa wapi mwendo huu. Kijana akaeleza bila kuficha. Alikuwa amekwenda ufukweni Galu, akampiga picha mbwa wa jirani anayekimbizana na mpira mchangani, kwa sababu kule ng'ombe hawakimbii, wamefungwa kwa kamba chini ya minazi. Akachukua mwendo wa yule mbwa, akaupunguza kasi kidogo, akamvika fahali.

"Miguu minne ni miguu minne," akasema. "Hivyo ndivyo nilifikiri."

Binti yangu akaleta sahani nne za plastiki akazipanga mezani, pembe nne. "Baba, chukulia ni watu wanne wameketi kwenye sinia. Wawili wa huku ni miguu ya nyuma, wawili wa kule ni miguu ya mbele. Wanapokezana kata ya maji. Mbwa akikimbia sana, kata inakwenda hivi." Akagusa sahani ya nyuma kushoto, ya nyuma kulia, ya mbele kulia, ya mbele kushoto. Kidole chake kikazunguka meza duara kamili. "Inazunguka sinia. Na mgongo wake ni kama upinde. Akikusanya miguu chini ya tumbo, mgongo unapanda. Akijinyoosha, mgongo unalala, na miguu yote minne imeachana na mchanga. Yuko hewani mara mbili katika mzunguko mmoja, mara amejikunja, mara amejinyoosha."

"Na ng'ombe?" nikauliza.

"Sijui, Baba," akasema. Kijana naye akatikisa kichwa. Hawakuwa na hakika. Niliwapenda kwa hilo, kwamba hawakubahatisha.

Basi mimi nikawaeleza ninachokijua. Nikawaambia: mchinjaji akishachuna ngozi, anautoa mkono wa mbele kwanza, na kuutoa hahitaji shoka. Unainua mkono, unapitisha kisu baina ya kombe la bega na mbavu, nyama inaachia, mkono mzima unabaki mkononi mwako. Hakuna mfupa uliouvunja wala kiungo ulichokitafuta. Ng'ombe hana mtulinga, ule mfupa wa baina ya shingo na bega, kama sisi. Lakini mguu wa nyuma ni habari nyingine. Huo umeingia nyongani kwa kichwa cha mfupa ndani ya kikombe chake, na usipojua pa kupitisha kisu utahangaika mpaka adhuhuri.

Kijana alikuwa ameacha kalamu. "Ngoja, Mzee. Unataka kusema mbele hajashikwa na mfupa wowote?"

"Nyama tupu. Kifua kimening'inia baina ya makombe mawili, mfano wa mtoto aliyebebwa kwa kanga na watu wawili."

"Kwa hiyo akitua na mkono..."

"Kifua kinashuka, kombe linapanda. Utaliona linachomoza karibu na nundu. Na huyu wenu," nikaonyesha kioo, "bega lake limegandishwa kama mguu wa meza."

Kijana akasema neno la kwao ambalo sikulielewa, lakini uso wake ulinitosha. Akaanza kuchora papo hapo, mistari ya haraka, na katika dakika chache nikaona mbele yangu kifua cha ng'ombe na kombe linaloteleza juu yake, jinsi nilivyolishika kwa mikono yangu maelfu ya mara, na mchoraji hajawahi kulishika hata mara moja. Subhanallah. Nilimtazama yule kijana kwa jicho jingine.

Mgongo nao nikawaeleza. Ule wa ng'ombe ni mgumu kama boriti tangu mabegani mpaka kiunoni. Pana kiungo kimoja tu kinachokubali vizuri, pale mbele ya nyonga, ndipo tulipokuwa tukimkatia tukimgawa. Lakini miguu inashuka kwa mpango gani akikimbia, hilo sikujua. Wanyama waliofika kwangu walikuwa wakitembea, na baadaye wamelala. Nikasema, "Twendeni tukamwangalie anayekimbia."

Nina rafiki Mduruma, wa kabila jirani na letu la Wadigo, anayefuga, upande wa ndani ukishapita Kombani. Tumeuziana na kutaniana tangu tuna nywele nyeusi. Tulifika kwake asubuhi, jua halijawa kali. Akatuona na simu zetu na kile kijiti cha miguu mitatu cha kuwekea simu, akapiga kelele toka mlangoni:

"Maalim! Leo umekuja na polisi au na watu wa harusi?"

"Nimekuja kumtazama fahali wako akikimbia."

"Nyinyi Wadigo mmeishiwa samaki wa kutazama?"

"Samaki hana miguu, ndiyo tabu yetu."

Binti yangu akamsalimu, "Shikamoo Baba," akaitikia marahaba na kumwombea heri, kisha akamgeukia kijana wa bara. "Na huyu?"

"Ndiye anayemchora," nikasema.

"Amchore basi akiwa amesimama! Ng'ombe wangu akikimbia anakonda."

Lakini alikuwa na moyo mwema, akakubali. Shida ilikuwa fahali. Alikuwa mkubwa, mweusi, nundu imelalia upande mmoja, na hakuona sababu hata moja ya kukimbia. Wakampigia makofi, akatafuna. Kijana akakimbia mbele yake ili amwonyeshe mfano, fahali akamtazama kama anayemsikitikia. Rafiki yangu akacheka mpaka akaketi chini.

"Kijana, wewe ndiye utakayechorwa!"

Mwishowe akamtoa jike mmoja zizini akampeleka ng'ambo ya uwanja, kwenye birika la maji, kisha akamfungulia fahali. Tukasimama kando ya ua wa miiba. Fahali akanusa, akainua kichwa, akaondoka. Hatua mbili za kawaida, kisha shoti, mbio zake zote.

Niliisikia kabla sijaiona vizuri. Ardhi ya pale ni kavu na ngumu. Nikafumba macho makusudi, kama ninavyofumba nikimsikiliza mwanafunzi anayesoma kwa moyo ili nijue alipokosea. Mapigo manne yaliyofuatana, halafu kimya kidogo. Manne, kimya. Na hayakuwa sawa. Mawili ya mwisho yalikuwa mazito, nikayasikia kwenye nyayo za miguu yangu mwenyewe.

Tulimrudisha, tukamfungulia tena, mara tatu. Ya nne alikataa, naye alikuwa na haki.

Tukarudi Ukunda. Wakaingiza picha kwenye kompyuta wakazipunguza kasi mpaka fahali akawa anasogea kama aliye ndani ya maji, na hapo binti yangu akazipanga tena zile sahani nne. Alikuwa akitazama kioo na kugusa sahani. Nyuma kushoto. Nyuma kulia. Kisha kidole chake kikasimama, kikavuka meza kwenda pembe ya mbali: mbele kushoto. Kisha mbele kulia.

"Inavuka!" akasema. "Baba, ona, kata haizunguki. Inavuka sinia."

Akatazama tena mara kumi ili awe na hakika. Kila mara ilivuka. Na kile kimya nilichokisikia kikajulikana mahali pake: baada ya mkono wa mwisho kusukuma, miguu yote minne imekusanyika chini ya tumbo, fahali yuko hewani, kwa muda mfupi sana. Hapo tu. Ile nafasi ya pili ya mbwa, ya kujinyoosha hewani kama anayepiga mbizi, ng'ombe hana. Akijinyoosha, ana mguu chini. Kiwiliwili kizito kile hakiwezi kuachiliwa hewani.

Wakafuta mwendo wa mbwa wote. Sijui kama wasomaji wangu mnaelewa maana yake: kazi ya majuma mawili waliifuta kwa kidole kimoja, bila kulalamika. Nimewahi kuona watu wazima wakigombana kwa kuambiwa warudie kusoma aya moja waliyoikosea. Hawa walifuta wakaanza upya.

Nilikaa nao siku tatu mfululizo, nikilala kwa binti yangu na kuja nao asubuhi. Niliona jinsi wanavyojenga. Kwanza hawachori ng'ombe. Wanachora mstari mmoja wa mgongo na duara mbili, moja ya mabega, moja ya nyonga. Duara zikipanda na kushuka kwa zamu, mstari unalala huku na kuinuka kule, kama kitanda kinachobebwa na watu wawili wanaopanda kizingiti: huyu akiinuka, yule yuko chini. Miguu ya nyuma ikiwa chini, mabega yako juu. Mikono ikipokea mzigo, nyonga ziko juu na kichwa kinainama. Mgongo wenyewe haukunjiki katikati. Unakubali kidogo tu pale karibu na nyonga. Nilipoona mistari ile mitupu ikienda, haina pembe wala mkia wala macho, nikasema huyo ni ng'ombe. Nilisema neno lote, ng'ombe, wakalielewa.

Kisha wakatia miguu kwa mpango wake, makombe yakiteleza, na mwisho nundu na ngozi ya shingoni, ambazo zinafika zikiwa zimechelewa. Mwili ukishuka, nundu bado iko juu. Mwili ukipanda, ngozi bado inashuka. Binti yangu aliita kazi hiyo kumpa nyama.

Siku ya nane tukamtazama akiwa kamili. Alikuwa bora mara mia. Lakini binti yangu alikunja uso.

"Bado," akasema.

"Bado nini?" akauliza kijana. "Order iko sawa, mgongo uko sawa, bega limeslide. Tutume, mama!"

"Anagusa ardhi. Haikanyagi."

Nami niliona hivyo hivyo, ila sikuwa na cha kusema. Nilikuwa nimechoka, nikajishusha kwenye kile kiti chao cha sponji kilichochakaa. Binti yangu alikuwa akiniangalia.

"Baba, inuka kidogo. Kaa tena."

Nikainuka, nikakaa.

"Tena."

"Kwani nimekosea kukaa?"

"Hapana Baba, niwie radhi. Mara moja tu."

Haikuwa mara moja. Nilikaa na kuinuka mara saba nikihesabu, na kijana amechuchumaa ubavuni mwangu anatazama makalio ya mzee aliyefundisha nusu ya mji kusoma. Nikawaambia nashukuru hakuna mwanafunzi wangu aliyepita mlangoni. Lakini binti yangu alikuwa ameliona alilolitaka. Mimi nikifika kitini, sijafika bado. Nimegusa, lakini mwili unaendelea kwenda chini, sponji inabonyea, tumbo linafuata, mabega yanafuata, ndipo natulia.

"Sisi," akamwambia mwenzake, "kwato ikigusa tu, mwili unaanza kupanda. Na tumezigawa picha sawa kwa sawa, kama ngazi. Lazima kwanza aguse, halafu azame. Pale pa chini kabisa pawe baada ya kugusa."

Kijana hakubisha. Wakaongeza picha mbili katika mzunguko, zote wakaziweka pale mikono inapopokea mzigo. Kwato inatua, goti linakubali, kombe linapanda, kifua kinaendelea kushuka picha nzima zaidi, kichwa kinafika chini kabisa. Ndipo anasukuma. Pale penye kimya, hewani, wakapunguza picha, apite upesi.

Akabonyeza. Chini, dukani, watu walikuwa wakishusha mifuko ya saruji, na kwa hakika nilidhani vishindo vile vinatoka kwenye kioo. Hakukuwa na sauti yoyote katika picha ile. Nilijishika kwenye kiti.

Niliyoyasema wakati ule yalikuwa tasbihi tu. Nilifikiri kwamba mzigo ule wote, ratili kwa ratili, Mola ameutundika kwa nyama tupu baina ya mifupa miwili, akaamuru miguu ipokezane kwa zamu isiyokosea, na fahali hajui, hajapata kusoma popote. Na nilifikiri pia juu ya mwanangu, aliyekaa siku nane akimtafuta kiumbe mmoja mpaka akakiri mara mbili kwamba hakumjua. Mashaka yangu kuhusu picha sitasema yamekwisha yote. Hayo namwachia Yeye ajuaye nia. Lakini sikuona kiburi katika chumba kile. Niliona watu wakijifunza unyenyekevu mbele ya ng'ombe.

Walituma siku ya tisa mchana. Nikarudi nyumbani nikaswali, na katika sujudu nikajikuta sijui niombe nini. Niombe arudi Galu, kama nilivyokuwa nikiomba? Nikaomba akubaliwe. Nilipotamka hivyo nilijua nimekuwa nikitaka hivyo tangu zile duara mbili.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Binti yangu alinipigia simu kabla ya adhuhuri, nikasikia kelele za mabati nyuma yake.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Sema."

"Wamemkubali. Wametupa hadithi mbili kwanza, nne zilizobaki watatupa wakiridhika na hizo. Wanauliza nani alitufundisha ng'ombe."

"Umewajibu nini?"

"Nimesema Baba yangu, na Mduruma mmoja."

"Usimwambie huyo Mduruma. Atataka fahali wake alipwe posho."

Akacheka, na safari hii kicheko kilikwenda mpaka mwisho wake. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, nawapigia watu wa Galu leo. Nawaambia siendi. Una neno?"

Nilikuwa na neno kwa miaka miwili. Nililitafuta nisilione.

"Wapigie," nikasema. "Uwashukuru vizuri kwa kukungoja. Wamekufanyia wema."

"Na wewe je, Baba?"

"Mimi niko radhi nawe. Nenda kapige simu."

Wewe uliyenisoma mpaka hapa, umenivumilia kama wanavyovumiliwa wazee. Nakuombea Mwenyezi Mungu akujaalie kazi utakayoipenda hata katika siku ya kufuta na kuanza upya, akupe watoto wa kukufundisha usiyoyajua na moyo wa kukubali kufundishwa, na siku mizani itakapowekwa, mema yako yawe mazito. Amin.